Anayekuhesabia Njia Ndiye Anayekuchagulia Safari

Mjukuu wangu, sikiliza neno la mzee wako. Nimesoma insha za vijana tangu enzi za kalamu ya kuchovya wino, na zenu za leo nazisoma vilevile, hadi nukta ya mwisho. Lugha yenu inapendeza na hoja zenu zina moto. Lakini ipo sentensi moja ambayo kila nikiikuta, moyo wangu hushtuka.

Ni ile inayoanza kwa “ama” na kumalizikia kwa “ama”. Mwandishi anaweka njia mbili mezani, anaipaka moja matope, kisha anamwambia msomaji: haya, chagua.

Nakusihi, mjukuu wangu, uiogope sentensi hiyo. Ina sura ya hoja, lakini mara nyingi ni mtego. Na mtego huo humnasa kwanza aliyeutega.

Nitakuonyesha kwa jambo unalolijua, kwa sababu kila mwanafunzi wa Tanzania ameliandikia insha: lugha ya kufundishia katika shule za sekondari. Insha hiyo, nikikusanya zote nilizosoma nikazikamua, hutoka hivi:

“Tanzania ina njia mbili tu. Ama tufundishe kwa Kiswahili, tubaki nyuma ya dunia. Ama tufundishe kwa Kiingereza, tuingie katika sayansi na ajira. Hakuna mzazi anayetaka mtoto wake abaki nyuma. Kwa hiyo Kiingereza kiendelee.”

Mwenzake wa upande wa pili naye huandika: “Ama tufundishe kwa Kiswahili, watoto waelewe, ama tung’ang’anie Kiingereza, tubaki watumwa wa fikra za wakoloni. Hakuna anayetaka utumwa. Kwa hiyo Kiswahili.”

Unaona, mjukuu wangu? Wanapingana kama moto na maji, na kumbe wameandika insha moja. Wote wawili wamesema njia ni mbili, na hakuna aliyetuonyesha kwamba kweli ni mbili.

Itazame hoja yao ilivyofungwa. Ni hiki au kile; kile hakifai; basi ni hiki. Mfuatano huo wenyewe hauna kosa. Kama kweli njia ni mbili tu, na moja imefungwa, inayobaki ndiyo yako. Ugonjwa uko katika sentensi ya kwanza kabisa, ile isiyopewa ushahidi wowote. Jasho lote limemwagika kwenye sentensi ya pili, kuitukana njia asiyoipenda mwandishi. Mimi husema hivi: kumbomolea jirani hakukujengei nyumba.

Ndiyo maana insha ya namna hii huanguka kwa swali moja. Msahihishaji mwenye akili akiuliza pembeni mwa karatasi, “Je, hakuna njia nyingine?”, kurasa zako nne hazina jibu. Hana haja ya kukushinda. Akionyesha njia moja tu ya tatu iliyo hai, hata kama yeye mwenyewe haipendi, ile “kwa hiyo” yako imekatika.

Najua mlikoitoa tabia hii. Mmeitoa kwenye mdahalo. Shuleni mnapangwa pande mbili, wa kuunga mkono na wa kupinga, na kengele inalia. Sina ugomvi na mdahalo. Lakini hata huko mnakosea jambo moja, nalo naomba ulishike vizuri.

Mada ikisema “Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia sekondari”, pande mbili za kweli ni hizi: kiendelee, au kisiendelee. Hapo hakuna ya tatu. Lakini anayesema kisiendelee hajasema bado ni nini kishike nafasi yake. Anaweza kutaka Kiswahili kitupu, anaweza kutaka lugha zote mbili, anaweza kutaka masomo yagawanywe. Kukataa jambo ni mlango wa uwanja mpana. Ninyi mkifika mlangoni mnadhani uwanja wote ni hatua moja.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, ukiona vitu viwili vimewekwa kama jozi, viulize maswali mawili. La kwanza: je, vinaweza kuwa kweli vyote pamoja? La pili: je, vinaweza kuwa si kweli vyote viwili? Jibu la “ndiyo” kwa lolote kati ya hayo linakuonyesha kwamba ile “ama, ama” imedanganya.

Tujaribu. Je, Kiswahili na Kiingereza vinaweza kutumika pamoja? Vinaweza, na vimetumika. Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua kwamba kuanzia darasa la tano hisabati na masomo ya sayansi yafundishwe kwa Kiingereza, na Kiswahili kikabaki kwa masomo mengine ya msingi. Bara nako, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, na papo hapo ikaacha nafasi ya Kiingereza kuendelea kutumika. Huna haja ya kuzipenda sera hizo. Kuwapo kwake tu kunatosha kuivunja ile “njia mbili tu”.

Tena ingia darasani kimyakimya. Utamkuta mwalimu anaandika ubaoni kwa Kiingereza na kufafanua kwa Kiswahili, kwa sababu asipofanya hivyo nusu ya darasa itabaki gizani. Unayoiita njia isiyokuwepo, walimu wako wanaipita kila siku.

Swali la pili: je, inawezekana isiwe hiki wala kile? Kwa sekondari zetu swali hili halitoi mengi, lakini usiliruke. Mwanafunzi kiziwi anayesoma kwa Lugha ya Alama hafundishwi kwa Kiswahili cha kusemwa wala kwa Kiingereza cha kusemwa. Na ukishuka hadi madarasa ya chini, sera ya Kenya kwa miaka mingi imetaka mtoto wa kijijini aanze kwa lugha ya eneo lake. Insha iliyohesabu lugha mbili imewafuta watoto hao kwenye karatasi bila hata kuwaaga.

Sasa nisogelee sana, kwa maana hapa ndipo penye kiini. Njia hizo mbili hazikuletwa mbele yetu zikiwa tupu. Kila moja ilifungwa mkia. Kiswahili kimefungwa mkia wa “kubaki nyuma”. Kiingereza kimefungwa mkia wa “sayansi na ajira”. Msomaji hachagui tena lugha, anachagua mkia. Nani achague kubaki nyuma?

Nakuomba, kabla ya kuchagua lolote, uifungue mikia hiyo. Uliza: je, kufundishwa kwa Kiingereza ndiko kukijua Kiingereza? Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walitoa ripoti yao baada ya kupima Kiingereza cha wanafunzi wetu. Walikuta wengi wa sekondari hawakijui kwa kiwango cha kuweza kujifunzia masomo mengine. Watoto walikuwa wanafundishwa kwa Kiingereza, na Kiingereza hawakukipata. Mkia umechomoka.

Geuza upande wa pili. Je, kufundishwa kwa lugha yako ndiko kukikosa Kiingereza? Watoto wa Norwei na Uholanzi husoma hisabati na historia kwa lugha zao, na Kiingereza hukisoma kama somo. Wengi wao hukizungumza vizuri. Mkia wa pili nao umechomoka.

Usikimbilie kusema basi nasi tutakuwa kama Norwei. Wao wana walimu, vitabu na mazingira ambayo sisi hatuna yote. Mfano huo unathibitisha jambo dogo tu: kwamba lugha ya kufundishia ni swali moja, na ubora wa somo la Kiingereza ni swali lingine. Wewe uliyafunga pamoja, ukayaita moja.

Sasa hesabu upya nami. Unaweza kufundisha kwa Kiswahili huku somo la Kiingereza likiwa imara. Unaweza kufundisha kwa Kiswahili huku somo la Kiingereza likiwa dhaifu. Unaweza kufundisha kwa Kiingereza baada ya kumwandaa mtoto vizuri. Na unaweza kufundisha kwa Kiingereza bila kumwandaa. Njia zilikuwa mbili. Kwa kufungua fundo moja tu zimekuwa nne. Na angalia hila iliyokuwepo: mwandishi wa kwanza alichukua Kiswahili katika hali yake mbaya, akakishindanisha na Kiingereza katika hali yake nzuri. Mwenzake akafanya vivyo hivyo kwa kugeuza. Hakuna aliyeshindanisha nzuri na nzuri.

Hapo hujamaliza. Kuna swali la lini na kuanzia wapi. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta, katika ripoti yake ya mwaka 1982, haikusema “kesho asubuhi shule zote zigeuke”. Ilipendekeza Kiswahili kianze kidato cha kwanza mwaka 1985, kipande juu, na chuo kikuu kifuate miaka kadhaa baadaye. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Lakini lilionyesha kwamba kati ya “leo” na “kamwe” kuna miaka mingi ambayo mtu anaweza kupanga kazi ndani yake. Ukiandika “ama tubadilishe, ama tusibadilishe”, umeifuta miaka hiyo yote.

Kuna pia swali la mtihani. Mtoto anaweza kuwa ameielewa mada, akashindwa kwa sababu swali limekuja kwa lugha asiyoimudu. Je, karatasi moja haiwezi kutolewa kwa lugha mbili? Mtihani wa kumaliza darasa la saba tayari huandaliwa kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza pia kwa shule zinazofundishia lugha hiyo. Basi jambo hilo si ndoto. Linafanyika ngazi moja chini ya ile unayoiandikia.

Haya ndiyo mambo ninayokusihi uyafanye unapotaka kuonyesha kwamba njia ni zaidi ya mbili. Usiseme tu “zipo njia nyingine” ukapita. Itaje moja kwa jina. Sema imefanyika wapi, mwaka gani, kwa darasa lipi. Eleza inafanyaje kazi na nani anaibeba. Njia ya tatu isiyo na mwenyewe ni pori. Msomaji atakuona unamwingiza porini, naye atairudia barabara aliyoizoea.

Na usimrundikie njia kumi. Mbili au tatu zilizoelezwa vizuri zinatosha. Ukitaja kumi kwa mstari mmoja mmoja, hata iliyo nzuri itapotea katikati ya zile za kujazia.

Kisha zipime kwa haki, kwa maana kuwapo kwa njia ya tatu si sawa na kufaa kwake. Malaysia ilijaribu. Mwaka 2003 ilianza kufundisha hisabati na sayansi kwa Kiingereza, na masomo mengine kwa lugha ya taifa. Mwaka 2009 serikali yake ikatangaza kwamba itaachana na mpango huo, na kuanzia 2012 ikaanza kurudi ilikotoka. Ukiileta njia ya kugawa masomo, mtaje Mmalaysia pia. Usifiche kilichomkuta. Anayeficha gharama ya njia ya tatu amefanya dhambi ileile ya aliyeificha njia yenyewe.

Mjukuu wangu, usije ukadhani nakufundisha woga. Wapo vijana waliosikia maneno kama haya, wakatoka na insha isiyo na msimamo: “kila upande una ukweli wake, tuchanganye tu.” Hapana, tafadhali. Katikati nako kunaweza kuwa na makosa. Kuchanganya lugha mbili bila mpango kunaweza kumwacha mtoto bila hata moja. Fungua njia, zitazame zote, halafu uchague kwa sauti. Uteuzi uliofanywa mbele ya njia tano una nguvu kuliko ule uliofanywa mbele ya njia mbili, kwa sababu msomaji hana tena pa kukuotea.

Tazama aya ile mbaya inavyoweza kuandikwa upya, na mwandishi yuleyule, mwenye kukipenda Kiingereza, asipoteze upande wake:

“Wanaojadili lugha ya kufundishia sekondari huzungumza kana kwamba tuna Kiswahili kitupu au Kiingereza kitupu. Zipo angalau njia mbili zaidi: kugawa masomo, kama Zanzibar ilivyoamua mwaka 2006 kwa darasa la tano na kuendelea, na kuhamia Kiswahili hatua kwa hatua huku somo la Kiingereza likiimarishwa. Njia ya kwanza inamtaka mtoto abadilishe lugha kila kengele inapolia. Ya pili inahitaji vitabu na istilahi za masomo yote kabla ya kuanza. Kwa sababu hizo naona afadhali Kiingereza kibaki kwa sasa, kwa sharti kwamba mtoto aandaliwe vya kutosha kabla ya kuingia kidato cha kwanza.”

Mimi naweza nisikubaliane naye. Lakini siwezi kumwangusha kwa swali moja. Itanibidi nikae chini nibishane naye juu ya vitabu, juu ya istilahi, juu ya maandalizi. Hapo mjadala umeanza. Kule kwingine ulikuwa umefungwa kabla haujafunguliwa.

Nisikupotoshe pia upande wa pili. Kuna nyakati njia ni mbili kweli. Mtihani umefanyika au haukufanyika. Jina lako limo katika orodha au halimo. Ukikuta jambo la namna hiyo, usitafute njia ya tatu kwa ukaidi. Utaonekana mtu wa kukwepa. Na wakati mwingine njia zilikuwa sita, lakini mwandishi amezichukua nne, moja baada ya nyingine, akatuonyesha mbele ya macho yetu kwa nini hazipitiki. Huyo ana haki ya kusema zimebaki mbili. Ameilipia haki hiyo. Ninayemkemea ni yule anayeanza na mbili bila kulipa.

Ujue pia kwamba mtego hauji kila mara ukiwa umevaa “ama”. Huja kama swali: “Je, mnataka watoto wetu wabaki wajinga?” Huja kama sharti: “Tusipofundisha kwa Kiingereza, tumekwisha.” Huja kama kumhukumu mtu: “Anayepinga Kiswahili si mzalendo.” Ukikutana na sentensi hizo, ziandike upya pembeni kwa “ama, ama”, kisha uziulize yale maswali mawili. Utashangaa zinavyovuliwa nguo.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayoniuma zaidi, na ndiyo sababu ya onyo langu. Nimeona inakofikisha. Kijana anaanza kwa kuandika kwamba njia ni mbili. Kisha anaamini kwamba watu ni wawili: wa kwetu na wa kwao. Mwalimu anayependekeza mtihani wa lugha mbili anaitwa na wazalendo kibaraka, na anaitwa na wapenda Kiingereza mshamba. Ananyamaza. Kikao kinabaki na wapiga kelele wawili, na jambo alilotaka kulisema halisemwi tena.

Nimewaona vijana wa insha hizo wakikua wakashika mafaili. Wanaandikia wakubwa wao taarifa yenye mapendekezo mawili: moja lisilowezekana, na moja wanalolitaka wao. Mkubwa anatia saini akidhani amechagua. Na wanaoulipia uchaguzi huo ni watoto walio darasani, ambao hawakuulizwa lolote.

Kwa hiyo nakusihi, na nitakusihi tena. Insha yako ikikamilika, usiikabidhi kwanza. Itafute ile sentensi inayosema njia ni ngapi. Kama haipo wazi, imejificha, ichimbue. Iulize: vyote vyaweza kuwa kweli? Vyote vyaweza kuwa si kweli? Kila njia nimeifunga mkia gani, na nani ameuona mkia huo ukishikilia? Nimeshindanisha nzuri na nzuri, au nzuri yangu na mbaya yake? Ukipata jibu linalokuaibisha, irekebishe sentensi hiyo ya kwanza kabla hujagusa nyingine yoyote, kwa maana zote zilizobaki zinaiegemea.

Na siku mtu mwenye cheo, au mwenye kipaza sauti, atakapokuambia kwa haraka kwamba una mawili tu, muulize kwa adabu: “Mzee, umezihesabu vipi?” Ukimwona anakasirika badala ya kuhesabu, usichague chochote siku hiyo.